Mistari saba ya kesho asubuhi

Karatasi iliyo mezani usiku huu ni nusu ya A4 na ina mistari saba. Meya ataishika kesho, mara tu wenyeji watakapomaliza kujitambulisha na kumkaribisha atambulishe ujumbe wake. Yeye mwenyewe hayumo kwenye karatasi, kwa kuwa mwenyeji atakuwa ameshamtaja. Ziara ni ya kubadilishana uzoefu kuhusu maji yanayopotea kabla hayajamfikia mteja, na mistari hii ndiyo itakayoamua nani atamfuata nani wakati wa chai.

Kila mstari una vipande vitatu: cheo, jina, na kilichomleta mtu huyo. Kipande cha tatu ndicho huachwa mara nyingi, nami nakithamini kuliko vyote. Ukisema "Mkuu wa idara ya maji, Mhandisi Fulani," mwenyeji anajua mtu huyu ni nani huko kwao, basi. Ukiongeza "amekuja kuona mnavyopima uvujaji usiku," mhandisi wa upande wa pili anainua macho, maana anajua ni kipimo gani: usiku wa manane watu wamelala, matumizi yamepungua, na sehemu kubwa ya maji yanayoendelea kupita kwenye mita kuu inavuja. Hapo wawili hao wameshajuana kabla ya kupeana mikono.

Kipande hicho kikirefuka kinageuka wasifu. Shahada, miaka ya utumishi na vyeo vya zamani havina nafasi hapa. Maneno 15 hadi 20 yanatosha, yaani sekunde kama kumi. Ongeza sekunde chache za mtu kusimama, kuinamisha kichwa na kukaa, na watu saba wanamalizika ndani ya dakika mbili. Akiwepo mkalimani, muda huo ni mara mbili, na yeye apewe nakala mapema ili cheo kisitafsiriwe hivi kwenye utambulisho na vingine kwenye majadiliano.

Jina litamkwe, kisha msemaji anyamaze kidogo. Mtu husimama anaposikia jina lake, na wenyeji huchukua muda kumtafuta kwa macho. Msemaji akiunganisha moja kwa moja, kile kilichomleta kinasemwa wakati viti vinakwaruza sakafu na hakuna anayekisikia. Kwenye karatasi nimeweka mkwaju mmoja baada ya kila jina: hapo ni pa kutua. Majina magumu nimeyakata kwa silabi, na kila mwenye jina ameulizwa mwenyewe linavyotamkwa.

Utaratibu wa nani aanze unafuata cheo, na hapo hakuna ubishi mpaka wawili wawe sawa. Kesho wapo wakuu wa idara wawili. Mabalozi walishapata dawa ya hili: Mkataba wa Vienna wa 1961 unawapanga wakuu wa balozi wa daraja moja kwa tarehe na saa walizoanza kazi. Nimefuata njia hiyohiyo, aliyeteuliwa kwanza anatajwa kwanza. Mradi viti navyo vifuate mpangilio huo, la sivyo macho ya wenyeji yatakuwa yanarukaruka kutoka pembe hii ya meza hadi ile.

Mstari wa tano ndio ulionisumbua. Mkurugenzi wa fedha hatakuja, amemtuma mhasibu. Orodha iliyotangulia kwa wenyeji bado inasema mkurugenzi. Ikisomwa vile, mwenyeji atamwuliza mhasibu kama mji wake uko tayari kuchangia gharama za mafunzo ya pamoja, naye hana mamlaka ya kujibu. Atababaika, au atakubali jambo litakalokuja kukanushwa na bosi wake. Kwa hiyo mstari sasa ni: "Mhasibu wetu, Bi. Fulani, / anamwakilisha mkurugenzi wa fedha na atampelekea gharama za mita mlizofunga." Wenyeji wametumiwa orodha mpya, na kibao cha jina mezani lazima kibadilishwe pia.

Wa saba ni afisa kumbukumbu. Rasimu ilikuwa imemwekea "mwisho lakini si kwa umuhimu." Nimeyafuta. Maneno hayo humfanya kila mtu afikirie umuhimu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akiliwaza. Nimeandika kwamba ndiye atakayepokea nyaraka zenu zote, na kwamba muhtasari wa kikao utatoka kwake.

Limebaki la asubuhi: dakika chache kabla ya kuingia ukumbini, kuhesabu watu mlangoni karatasi ikiwa mkononi. Asiyekuwepo anakatwa kwa wino hapohapo, maana meya akitaja jina na kiti kikabaki kitupu, atalazimika kueleza mbele ya wenyeji mtu wake yuko wapi.