Siku moja maishani mwangu: shairi ambalo darasa halijapata kuliona

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimeketi mezani nikilisoma shairi la siku kama mtahiniwa atakavyolisoma, bila mwongozo wa kusahihisha. Ninafundisha Kiswahili kidato cha nne nchini Kenya, na kwa muhula huu kila Jumanne ni siku ya mashairi ya karatasi za miaka iliyopita. Karatasi ya Fasihi, 102/3, ina alama 80 kwa maswali manne yatakayojibiwa kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo mtahiniwa ana takriban dakika 37 za kulisoma shairi, kulielewa na kulijibu.

Saa mbili asubuhi kipindi maradufu kinaanza. Kwa dakika tano za kwanza kalamu zote huwa chini. Wanafunzi hulisoma shairi mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini, kisha kila mmoja hueleza kwa sentensi moja nani anasema, anamwambia nani, na kumetokea nini. Ninalishikilia sana jambo hili, kwa maana mwanafunzi anayeanza kwa kuwinda tamathali hupata orodha ya istilahi asiyojua aifanyie nini.

Sitanakili hapa shairi la mtihani. Ubeti ufuatao nimeutunga mwenyewe kwa umbo lilelile, na ndio tuliotangulia kuufanyia kazi leo:

Ulikuja kwa kivuli, jua lilipokuchoma,
Ukala tunda la pili, na la tatu ukachuma,
Leo waja kwa ukali, na shoka lako la chuma,
Karibu, mwenzi wa kweli, Mungu akulipe wema.

Umbo halikutuchukua muda. Mishororo ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane. Kina cha kati ni *li* na cha mwisho ni *ma*. Tatizo lilikuwa kwa nafsineni. Wengi waliandika kwamba ni mtu mkarimu aliyemlisha mgeni. Niliwaomba wapige mstari chini ya kivuli, tunda na shoka, kisha waniambie ni kiumbe gani anayemiliki viwili vya kwanza na kukiogopa cha tatu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema polepole, "Mwalimu, huu ni mti." Tangu hapo tashihisi haikuhitaji kutafutwa, kwa kuwa shairi zima limesimama juu yake.

Baada ya chai ya saa nne tuliingia kwenye toni, na hapo ndipo alama hupotea. Mvulana mmoja alijibu kwamba toni ni ya shukrani, akatoa ushahidi wa "Mungu akulipe wema." Maneno aliyanukuu sawasawa, lakini aliyasoma peke yake. Nilimwomba ausome mshororo wa tatu na wa nne bila kupumua katikati. Alipofika kwenye "wema" alinyamaza, kisha akasema, "Anamlaumu, Mwalimu." Toni ni ya uchungu, na mbinu inayoibeba ni kinaya: dua ya heri anaombewa mtu aliyeshika shoka. Ndiyo sababu huwasisitizia wasichague toni kabla ya kuulinganisha mshororo wa mwisho na uliotangulia.

Saa tisa alasiri, katika kipindi cha marudio, tuliandika hoja. Jibu linalosema "mshairi ametumia kinaya" limetaja tu. Nilichotaka ni dai, maneno ya shairi, na maelezo ya namna maneno hayo yanavyolithibitisha dai. Tulilolijenga pamoja ubaoni lilikuwa hili: "Nafsineni anaushtaki usaliti kwa lugha ya ukarimu. Anamwita mharibifu 'mwenzi wa kweli' wakati ule ule ambapo shoka limeinuliwa, na kwa hiyo msomaji anaupima uovu wa mgeni kwa wema aliotendewa."

Saa mbili usiku ninasahihisha madaftari. Wawili wamekosea hesabu ya mizani kwa kuihesabu "mwe" ya "mwenzi" kuwa silabi mbili; nitalirudia kosa hilo kesho kwa dakika chache. Daftari moja limenikalisha zaidi. Mwenyewe ameandika kwamba "ukachuma" na "chuma" yanafanana kwa sauti lakini la kwanza ni kuvuna na la pili ni madini ya shoka, hivyo mkono uliochuma matunda ndio unaorudi na chuma. Ubeti niliutunga mimi, na uhusiano huo sikuwa nimeuona. Nimempa alama zote za swali hilo, nikamwandikia pembeni atusomee aya yake kesho asubuhi.