Konzi tatu zilivyogeuka vijiko vitatu: kipimo cha sabuni kwa nguo chache

Nguo zilizonisumbua zaidi ni taulo na jezi. Zikitoka kwenye kamba zilinukia sabuni vizuri kabisa, lakini taulo ikigusa mwili uliolowa, au jezi ikipata jasho la dakika kumi, uvundo ulirudi uleule. Kuongeza sabuni hakukuondoa kitu. Kilichouondoa ni kupunguza, kutoka konzi tatu za sabuni ya unga hadi vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, kwa mkupuo wa kilo 2 za nguo kavu.

Kwanza ilibidi nijue kilo 2 ni nguo ngapi, maana nguo zilizotupwa kwenye beseni hudanganya macho. Nilipima kwa mizani ya jikoni: suruali moja ya jinzi gramu 650, fulana nne gramu 700, mashati mawili ya shule gramu 350, taulo ndogo moja gramu 300. Hiyo ndiyo kilo 2 kamili, na ndiyo ninayoiita mkupuo mdogo. Kisha nikapima sabuni. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kilibeba takriban gramu 10. Kilekile kikichota na kuacha kilima juu, kilikaribia gramu 20. Konzi moja ya mkono wangu ilikuwa gramu 40. Kwa hiyo konzi tatu zilikuwa gramu 120, mara nne ya nilichohitaji. Sabuni za unga hazilingani uzito, nyingine ni nyepesi na nyingine zimeshonana, kwa hiyo ukibadilisha aina pima kijiko chako upya mara moja.

Ninachotumia sasa ni gramu 30 kwenye lita 10 za maji, yaani gramu 3 kwa kila lita, kwa nguo zenye uchafu wa kawaida wa siku moja. Nayeyusha unga kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu hadi nisisikie chenga nikisugua kati ya vidole, ndipo namimina kwenye beseni na kutia nguo. Unga ukinyunyizwa juu ya nguo katika maji baridi, chenga nyingine huingia kwenye mikunjo na mifuko na kukaa humo. Ndiyo ile mistari myeupe inayoonekana kwenye suruali nyeusi ikishakauka. Ukiikung'uta ikatoka kama vumbi, ni unga ambao haukuyeyuka.

Kwa nini sabuni zaidi haisafishi zaidi? Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hushika mafuta. Ncha ya mafuta hung'ang'ania jasho na mafuta ya mwili yaliyo kwenye uzi, na ncha ya maji huyavuta yatoke. Nguo za kilo 2 zina mafuta kiasi fulani tu. Chembe za kuyashika zikitosha, zinazozidi hazina kazi. Hukusanyika zenyewe kwa zenyewe ndani ya maji na kupandisha povu. Povu hilo ndilo linalotupotosha wengi, kwa sababu tumezoea kuongeza sabuni hadi povu lijae beseni. Lakini povu si kipimo cha usafi. Povu jingi huzuia hata nguo zisisuguane vizuri, mkono unateleza juu yake badala ya kubana kitambaa kwa kitambaa.

Tatizo lenyewe huanza kwenye kusuuza, na hapa hesabu inaeleza kuliko maneno. Nguo za kilo 2 nikizikamua kwa mkono na kuzipima, zinafika karibu kilo 4. Maana yake zimebaki na lita 2 za maji ya sabuni ndani yake. Kati ya lita 10 nilizofulia, hiyo ni sehemu moja ya tano, na sabuni inabaki kwa kiwango hichohicho.

Chukua gramu 30. Baada ya kukamua, gramu 6 zimo kwenye nguo. Natia lita 10 za maji safi, jumla inakuwa lita 12. Nikikamua tena zinabaki lita 2, yaani moja ya sita. Gramu 6 zimekuwa gramu 1. Suuza ya pili inaishusha hadi chini ya gramu 0.2, na maji yanatoka bila povu.

Sasa chukua zile gramu 120. Baada ya kukamua zinabaki gramu 24, suuza ya kwanza inaacha gramu 4, ya pili karibu gramu 0.7. Ni lazima ya tatu ndipo ufike pale ambapo wa gramu 30 alifika kwa mbili. Hizo ni lita 10 zaidi, na penye mgao wa maji hizo lita 10 hazipatikani. Wengi husuuza mara moja tu siku ambayo ndoo ni chache, na hapo nguo zinaanikwa zikiwa na karibu nusu kijiko cha sabuni ndani yake. Tena hesabu hii inachukulia kwamba sabuni yote hutoka kwa urahisi. Kwenye taulo nene na mishono ya kola, sehemu yake hushika uzi na kubaki.

Maji yakikauka, kinachobaki ni utando mwembamba. Una chembe za sabuni, chumvi za unga wenyewe, na uchafu ule uliokuwa umeshikwa lakini haukuondoka na maji. Taulo inakakamaa na kunywa maji polepole. Kila ukiitumia, mafuta ya ngozi na vipande vya ngozi iliyokufa hunata kwenye utando huo kwa urahisi zaidi. Unyevu ukiwepo, bakteria hula mafuta hayo na kutoa tindikali zenye harufu. Nguo ikiwa kavu harufu haisikiki sana, na manukato ya sabuni yanaifunika, ikilowa, inapanda. Jezi za poliesta huathirika mapema kuliko pamba kwa sababu uzi wake hushika mafuta kuliko unavyoshika maji.

Lakini si kila uvundo unatokana na sabuni kuzidi. Sabuni ikipungua mno mafuta hubaki pia, na nguo iliyochelewa kukauka wakati wa masika hunuka hata ikisuuzwa vizuri. Ninavyotofautisha ni hivi. Nachukua taulo au nguo nyingine iliyofuliwa na kukauka, naitia kwenye ndoo ya lita 5 za maji ya uvuguvugu yasiyo na chochote, naikandamiza kwa mikono kwa dakika mbili. Likitokea povu linalodumu juu ya maji na vidole vikawa na utelezi, ni mabaki ya sabuni. Pasipo povu, lakini harufu ipo na kola ina ukungu wa mafuta, sabuni ilikuwa ndogo. Kola safi na povu hakuna, lakini harufu ipo, basi tafuta kosa kwenye kuanika.

Taulo yangu ya kwanza kujaribiwa ilitoa povu la unene wa kidole na maji ya rangi ya kijivu, ingawa ilikuwa imetoka kabatini. Kuisafisha sikutumia sabuni hata kidogo. Niliiloweka nusu saa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, nikaikandamiza, nikakamua, nikabadilisha maji. Povu lilipungua kila raundi, na katika ya nne halikuonekana tena. Raundi ya mwisho nilitia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye lita 10, ambayo huyeyusha ukoko wa chokaa na magadi unaoachwa na unga. Siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, hata kwa mabaki yaliyo kwenye beseni, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Jezi ilihitaji raundi nne zilezile, lakini kwa maji ya uvuguvugu tu ili isipoteze umbo.

Gramu 30 zina mpaka wake. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu, yana kalsiamu na magnesi ambazo hushika sehemu ya sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Kuyapima, nakwangua sabuni ya mche kiasi cha punje mbili tatu za mahindi, natia kwenye chupa angavu yenye maji hadi nusu na kutikisa. Maji laini, kama ya mvua, hutoa povu na kubaki angavu kiasi. Magumu hutoa povu kidogo na vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Kwa maji hayo naongeza hadi vijiko vinne na nusu, sivuki hapo. Nguo za shamba au za gereji naziloweka kwanza kwa maji matupu nikamwaga tope, kisha kijiko kimoja cha ziada kinatosha.

Kwa mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7, usigawanye kipimo cha pakiti kwa uzito wa nguo. Mashine haipunguzi maji sawasawa na nguo zinavyopungua, kwa hiyo kilo 2 zinataka karibu nusu ya kipimo cha mzigo kamili, si robo. Mimi natia vijiko vitatu vya unga wa mashine, au mililita 30 za sabuni nzito ya maji. Kifuniko cha chupa kina mistari kadhaa. Kukijaza ni kipimo cha mzigo mkubwa na mchafu. Unga wa kufulia kwa mkono usitiwe humo kabisa, kwani hauna kizuia povu. Baada ya dakika 15 tazama kioo cha mlango: povu la unene wa vidole viwili juu ya nguo ni sawa, povu lililopanda nusu ya kioo ni sabuni iliyozidi. Hapo nguo zinaelea badala ya kuanguka na kupigika, na pampu inavuta povu badala ya maji, hivyo mwisho wa mzunguko zinatoka zikichuruzika. Ongeza suuza moja ya maji baridi kabla ya kuzitoa, kisha funua mkunjo wa mpira wa mlango na uupitishe kitambaa. Ukikuta ute wa kijivu unaoteleza, nao ni sabuni iliyobaki ikichanganyika na mafuta, na ukiachwa humo utanukisha hata nguo zilizofuliwa kwa kipimo sahihi.