Kitufe cha "Wasiliana Nasi" kilikuwa kinanifukuzia wateja wa vifaranga

Nalea kuku wa Kuroiler hapa Morogoro na kuwauza wakiwa na mwezi mmoja. Ukurasa wangu wa mauzo ulikuwa na kila kitu: picha za banda, chanjo walizopata, bei ya elfu sita hivi kwa kifaranga. Matangazo yalikuwa yanaleta wasomaji na bando la matangazo linakwisha, lakini oda haziji. Chini kabisa niliandika "Karibuni sana wote", kisha kitufe cha "Wasiliana Nasi".

Kijana mmoja anayejiita mtaalamu akanichaji kama laki na nusu. Alifanya mambo mawili. Kwanza alikipaka kitufe rangi nyekundu, akidai ndiyo inayouza. Pili akaweka saa inayohesabu kurudi nyuma, "Ofa inaisha baada ya saa 3". Sasa ile saa ilikuwa inaanza upya kila ukurasa unapofunguliwa. Siku ya tatu mfugaji mmoja akaniandikia: "Kaka, mbona jana ulisema zimebaki saa tatu na leo bado ni tatu?" Sikuwa na jibu. Huyo hakununua, na nina hakika wengine waliligundua wakanyamaza. Niliiondoa jioni ileile, na hadi leo nikisikia mtu anashauriwa kuweka saa ya uongo nakereka.

Dawa nilikuja kuipata kwa jirani yangu, Mama Neema, aliyekuwa anataka vifaranga kweli. Nikamwomba afungue ukurasa kwenye simu yake na asome kama mteja, mimi nikakaa pembeni kimya. Alisoma vizuri hadi chini. Kidole kikafika kwenye kitufe kikasimama. Akapanda juu tena kutazama bei, akashuka, kidole kikasimama tena. Ndipo akaniuliza, "Baba Salma, nikibonyeza hapa nakatwa hela?"

Swali hilo lilinifungua macho. Kitufe hakikuwa kinamwambia kitatokea nini. Na angebonyeza, angekutana na fomu ya visanduku sita, kimojawapo cha barua pepe, wakati wafugaji ninaowauzia karibu wote ni watu wa WhatsApp. Pembeni ya kitufe palikuwa na vingine vitatu: "Soma Zaidi", "Tufuate" na "Piga Simu". Mtu aliyeshaamua kununua nilikuwa nampa njia nne za kupotelea.

Nikafuta vyote nikabakiza kimoja, na maneno yake nikayaandika kwa kauli ya mnunuzi: "Niwekee vifaranga wa Jumamosi". Chini yake nikajibu hofu ya Mama Neema kwa herufi ndogo: "Inafunguka WhatsApp. Hulipi sasa. Unalipa ukishawahesabu bandani." "Karibuni sana wote" ikatoka, badala yake nikarudia umri na bei, maana nilimwona akipanda juu kuvitafuta.

Kitufe chenyewe ni kiungo hiki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20uniwekee%20vifaranga%20wa%20Jumamosi.%20Idadi%3A%20
```

Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka na ujumbe umeshaandikwa. Yeye anaongeza idadi tu na kutuma. Zile `%20` ni nafasi kati ya maneno, na `%3A` ni nukta mbili. Namba ianze na 255, bila jumlisha wala sifuri ya mbele. Mimi nilianza na 07, na WhatsApp ikawa inawaambia watu namba si sahihi. Nilipoteza siku mbili nikidhani kitufe kipya nacho hakifai, hadi nilipokibonyeza mwenyewe kwa simu ya mke wangu. Jaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujalipia tangazo hata moja.

Faida nyingine niliyoipenda ni kwamba ujumbe unaoanza na "Naomba uniwekee" najua umetoka kwenye ukurasa, kwa hiyo nahesabu bila mtambo wowote. Wiki ya kwanza zilikuja oda kumi na kitu, wakati zamani nikipata mbili nashukuru. Ya Mama Neema ilikuwa ya kwanza: "Idadi: 50."

Ila kitufe kinachotaja Jumamosi kinakudai Jumamosi. Bechi moja ilichelewa, nikasahau kubadili maneno, na watu wakaweka oda ya vifaranga ambao sikuwa nao. Nilimpigia kila mmoja kuomba radhi. Siku hizi bechi ikiisha, kabla sijasafisha banda, nabadili kitufe kisomeke "Niandike kwa bechi ijayo", na maneno ndani ya kiungo nayabadili vilevile.