Nilivyomwandikisha mama mkubwa kwenye mpango wa ruzuku ya kaya maskini

Jina la mama mkubwa halikuwamo kwenye orodha iliyobandikwa, na watu wengi walishangaa. Ni mjane, macho yamefifia, na analea wajukuu watatu walioachwa na marehemu binti yake. Majirani waliniambia ni upendeleo. Mimi niliomba kwanza nisomewe dodoso lake, kwa sababu kwenye mipango mingi ya aina hii jina hukatwa na alama zinazotokana na majibu, kabla kamati haijakaa.

Ilivyo ni kwamba mwandikishaji hatilii maanani sana swali la "unapata kiasi gani kwa mwezi?" Mtu wa kibarua hana jibu la kweli la swali hilo, na hata akijibu hakuna hati ya kulithibitisha. Badala yake huulizwa na kuangaliwa vitu vinavyoonekana: paa, sakafu, choo, maji yanakotoka, mifugo, chombo cha usafiri, idadi ya wanaolala chumba kimoja, elimu ya mkuu wa kaya, watoto na wazee wasioweza kufanya kazi. Kila jibu lina uzito wake, uliopatikana kwa kulinganisha matumizi ya kaya nyingi zilizowahi kuhojiwa kwenye utafiti. Jumla yake ni makadirio ya hali ya maisha, na kaya ikivuka mstari uliowekwa inaachwa.

Dodoso la mama mkubwa liliposomwa, tatizo lilionekana kwenye ukurasa wa kwanza. Mkuu wa kaya aliandikwa mwanawe. Kijana huyo ana mke na watoto, na nyumba yake iko ua mmoja na ya mama: ya matofali, sakafu ya saruji, pikipiki mlangoni. Mwandikishaji aliona ua mmoja akaandika kaya moja, basi pikipiki na saruji vikahesabiwa kuwa vya mama, ambaye analala na wajukuu kwenye chumba cha udongo upande wa pili.

Kaya si ua, wala si ukoo. Ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja. Mtoto akimpa mama yake kitu mara mojamoja, huo ni msaada kutoka nje ya kaya, na dodoso lina sehemu yake ya kuuandika. Hoja hiyo ndiyo niliyoijaza kwenye fomu ya malalamiko, muda wa kupokea malalamiko ukiwa bado wazi. Sikuandika kwamba mama ni maskini sana, kwa kuwa sentensi hiyo haibadilishi alama hata moja. Niliandika: kaya mbili zimeandikwa kama moja, naomba zihojiwe upya.

Msimamizi alikuja mwenyewe, na namna alivyohakiki ilinipendeza. Anajua wapo wanaogawanya kaya kwa maneno tu ili wapate ruzuku, kwa hiyo hakumuuliza mtu yeyote kama wanaishi pamoja. Alimwita mkwe pembeni, akamuuliza jana usiku alipikia watu wangapi, akawataja. Akamgeukia mama: "Bibi, jana chakula chenu alipika nani?" Kisha akamuuliza mjukuu mkubwa swali lilelile, mama akiwa mbali. Majibu yakalingana. Akaangalia majiko mawili, akauliza sare za shule za wajukuu zilinunuliwa na nani, ndipo akafungua dodoso jipya.

Likabaki la mjukuu wa mwisho. Namba ya cheti chake cha kuzaliwa ilikuwa tayari imeingizwa kwenye kaya ya babu yake mzaa baba, na mtu mmoja hawezi kuhesabiwa kaya mbili. Hapa mfumo unafanya kazi yake vizuri, ingawa mwenye haki naye anasimamishwa. Kilichosaidia ni barua ya mwalimu mkuu iliyoonyesha mtoto anasoma shule ya jirani na mama na mlezi aliyesajiliwa ni nani. Upande wa pili wakakubali jina liondolewe kwao. Jina kwenye barua lazima lifanane na la kwenye cheti, herufi kwa herufi, kwa hiyo nililisoma kabla ya kuondoka ofisi ya shule.

Safari hii alama zilishuka chini ya mstari, mkutano wa wakazi ukamthibitisha, akaandikishwa. Hata hivyo, kanuni hii ya kukadiria kwa alama hukosea hata pale majibu yote yanapokuwa sahihi. Haioni ugonjwa uliokula akiba mwezi uliopita, na haitofautishi paa la bati lililonunuliwa mume akiwa hai na la kaya yenye kipato leo. Ndiyo maana nawaambia ndugu wanaonijia: ombeni mwandikishaji awasomee majibu kabla hamjaweka dole gumba, hasa orodha ya wanakaya, na mtoto akizaliwa au mtu akihama mkatoe taarifa, kwa sababu uhakiki wa kaya hurudiwa.