Katoni 30 za sabuni zilizopungua kwenye karatasi

Nilikuwa wiki ya tano ya fildi kwenye ghala moja la jumla huko Vingunguti nilipopewa kuhesabu upande wa sabuni na kuandika ripoti ya tofauti. Kuhesabu nilikuwa nimeshakuona kukifanywa. Ripoti ndiyo sikuwahi kuishika.

Tulianza Jumamosi jioni, gari la mwisho lilipotoka. Mlango ulifungwa, na mzigo ulioingia mchana ambao haujaingizwa kwenye kompyuta tukautenga pembeni tukauzungushia utepe, maana ukiuhesabu utapata ziada ya uongo. Karatasi zetu zilikuwa na jina na namba ya bidhaa tu. Idadi ya kwenye mfumo haikuandikwa, na kuna sababu: ukijua mfumo unasema 184, jicho linaitafuta 184. Mwenzangu aliita, mimi nikaandika, kisha wengine wawili wakarudia bila kuona karatasi yetu.

Usiku nikaingiza hesabu kwenye Excel. Safu C ni mfumo, D ni tulichohesabu, E tofauti, F bei ya kununulia, G thamani ya tofauti:

```
E2: =D2-C2
G2: =E2*F2
```

Mstari wa sabuni ya unga ya gramu 500 ulinishtua. Mfumo 184, hesabu 154. Pungufu katoni 30, kwa shilingi 42,000 kila moja, ni 1,260,000. Pale kazini upungufu usio na maelezo hukatwa kwenye mshahara wa mtunza stoo, na mtunza stoo wetu ni mzee aliyenifundisha kazi tangu siku ya kwanza. Sikulala vizuri.

Jumatatu nikaenda kwa mhasibu. Hakuniuliza kuhusu wizi. Aliniambia, "Mdogo wangu, kabla ya kutafuta aliyechukua, tafuta ziada inayofanana."

Nikashuka kwenye orodha. Sabuni ileile, pakiti za kilo 1: mfumo 92, hesabu 121. Ziada 29. Kilichopungua huku kilikuwa karibu kimezidi kule. Na katoni zenyewe zinafanana sana. Moja ina pakiti 24 za gramu 500, nyingine pakiti 12 za kilo 1, zote kilo 12, rangi moja. Tofauti ni maandishi madogo ubavuni.

Hapo kulikuwa na kishawishi cha kufidia moja kwa nyingine, niandike "pungufu katoni 1" nimalize. Mhasibu alikataa, na alikuwa sahihi: kufanana kwa namba ni dalili tu, hakujathibitisha kitu. Tukatoa faili la mapokezi ya mwezi ule, tukalinganisha kila hati ya msambazaji na kilichoingizwa kwenye kompyuta. Ya sita ndiyo ilikuwa yenyewe. Hati ya msambazaji na ankara yake zilisema katoni 30 za kilo 1. Aliyepokea mzigo alichagua namba ya gramu 500.

Nikazipeleka zile 30 mahali pake. Gramu 500 ikabaki 154, sawasawa na hesabu. Kilo 1 ikawa 122 dhidi ya 121 tulizohesabu. Imebaki katoni moja.

Hiyo ilikuwa kosa langu. Nilihesabu katoni nzima tu. Niliporudi ghalani na mzee, alinipeleka kwenye kona ya mizigo iliyoharibika, na katoni ilikuwepo, imechanika, ina pakiti 9. Pakiti 3 hatukuziona. Katoni ya kilo 1 hununuliwa 39,000, hivyo pakiti moja ni 3,250, na upungufu wa kweli ukawa shilingi 9,750.

Kwenye ripoti sikuufuta mstari wa kwanza. Niliacha namba za Jumamosi kama zilivyokuwa, nikaongeza safu mbili: chanzo, na namba ya hati inayothibitisha. Pakiti 3 niliziandika "chanzo hakijajulikana", ingawa mtu mmoja alinishauri niandike zimepasuka. Sikuziona zikipasuka. Mfumo nao ulirekebishwa kwa kulisahihisha lile pokezi lenyewe. Kama tungebadilisha idadi tu, zile 30 zingebaki na bei ya 42,000 wakati ankara ni 39,000, na thamani ya stoku ingebaki juu kwa 90,000 bila mzigo wowote nyuma yake.

Mzee aliisoma ripoti yote akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, akasaini. Siku iliyofuata alikata ubavu wa katoni mbili tupu, moja ya kila aina, akazungushia wino mwekundu maandishi ya uzito, akazibandika ukutani juu ya meza ya mapokezi.