Nilivyojua dizeli iliyobaki kwenye pipa la Wete kwa picha ya ufito

Friza zetu za pweza ziko Wete, na mimi nakaa Unguja mjini. Tangu 2010 umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na ukikatika, pweza hamsubiri mtu: tunawasha jenereta. Dizeli yake imo ndani ya pipa la kawaida la chuma, lile linaloitwa la lita 200, limelazwa ubavu juu ya kitanda cha mbao ili mafuta yashuke yenyewe kwenye koki. Kijana wa mjomba wangu ndiye anayelishughulikia. Mimi ndiye ninayetuma pesa za mafuta, kwa hiyo nataka kujua yamebaki kiasi gani kabla hayajaisha.

Jibu nililokuwa napata kwenye simu ni la aina moja: "Kaka, yapo kama robo hivi." Pipa lililosimama wima, jibu hilo linatosha, maana kila sentimita ina mafuta sawasawa na mwenziwe. Pipa lililolala ni habari nyingine. Chini ni jembamba, katikati ni pana, juu linabana tena. Mafuta yakifika robo ya kimo, pipa halina robo ya mafuta. Lina kama moja ya tano tu. Kosa hilo linakuja hasa pale mafuta yanapokuwa machache, yaani pale pale unapotaka kujua ukweli.

Kwanza nilihitaji vipimo vya ndani vya pipa. Kipenyo sikupimisha kwa kukadiria katikati ya duara, nilimwambia azungushe futi ya fundi cherehani kiunoni mwa pipa, baina ya zile mbavu mbili zilizotokeza, si juu yake. Ikaja sentimita 180. Gawa kwa 3.1416, unapata 57.3, toa unene wa bati pande zote mbili, inabaki 57 kwa ndani. Urefu kwa nje ulikuwa 88, lakini vifuniko vya pipa vimezama ndani ya ukingo, kila upande zaidi ya sentimita moja, kwa hiyo urefu wa ndani ni 85. Ukizidisha, pipa zima linabeba lita 217. Watu hushangaa namba hiyo, lakini ndivyo mapipa haya yalivyo: yanauzwa na lita 200 na huachiwa nafasi juu.

Kisha ufito. Tulitumia ubao mwembamba uliopigwa randa na kupakwa vanishi, kwa sababu mbao kavu isiyo na vanishi inanyonya dizeli na alama inapanda juu kuliko mafuta yenyewe. Kijana aliukata alama za msumeno kila sentimita 10, sifuri ikiwa ncha ya chini kabisa. Kabla ya kupima anaufuta kwa kitambaa, anaupaka chaki kidogo, anauteremsha wima mpaka ugonge chini, anautoa, na anapiga picha papo hapo, akiwa amesogea mbali na mdomo wa pipa. Kufuta ni lazima. Ufito usiofutwa unaonyesha mistari miwili, wa juu umefifia, na huo ni wa kipimo cha nyuma. Ukiingia kwa mshazari nao unadanganya, unaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo.

Bahati nzuri pipa letu lina mdomo ubavuni, katikati ya urefu wake. Ingekuwa mdomo uko karibu na kichwa kimoja, pipa likiinama kidogo kuelekea kwenye koki, kipimo kingetoka kikubwa au kidogo kulingana na upande. Katikati, upande mmoja unapopanda mwengine unashuka, na kimo cha hapo kinabaki kuwa cha wastani. Ikiwa pipa lako limetobolewa kichwani, hakikisha kwanza limelala sawa kwa pimamaji.

Sasa picha. Hapa ndipo wengi wanapokosea bila ya kujua, kwa sababu mtu akishika ufito mbele ya simu, ncha moja huwa karibu na kamera na nyengine mbali. Sentimita 10 za karibu zinaonekana ndefu kuliko sentimita 10 za mbali. Kwenye picha moja aliyonitumia niliifungua kwa Paint ya kompyuta, ambapo ukiweka mshale juu ya picha inakuonyesha namba mbili, na ya pili ni umbali kutoka juu kwa pikseli. Ncha ya chini ilikuwa 1870, alama ya sentimita 10 ilikuwa 1420, ya 20 ilikuwa 1010, na ya 40 ilikuwa 290. Angalia: sentimita 10 za kwanza zimechukua pikseli 450, za pili 410 tu. Ufito ulikuwa umelalia nyuma.

Mafuta yaliishia kwenye pikseli 1092. Ukichukua ufito mzima kutoka sifuri hadi 40 na kugawa kwa uwiano, unapata sentimita 19.7. Mimi sikufanya hivyo. Nilitazama alama mbili tu zilizopakana na mafuta, ya 10 na ya 20. Kutoka 1420 hadi 1092 ni pikseli 328, na nafasi yote baina ya alama hizo ni 410. 328 kwa 410 ni 0.8, kwa hiyo mafuta yako sentimita 8 juu ya alama ya 10, yaani 18. Ndani ya nafasi fupi kama hiyo upotofu wa kamera unabaki chini ya milimita moja. Tofauti ya 18 na 19.7 inaonekana ndogo, lakini kwenye kimo hicho kila sentimita ya pipa letu ni lita 4.5, kwa hiyo ingeniongezea karibu lita 8 ambazo hazipo.

Kimo kikishapatikana, kilichobaki ni eneo la kile kipande cha duara kilichoroa, mara urefu wa pipa. Nimeiweka kwenye Excel, kimo kikiwa kwenye B2 kwa sentimita, jibu linatoka kwa lita:

```
=(28.5^2*ACOS((28.5-B2)/28.5)-(28.5-B2)*SQRT(57*B2-B2^2))*85/1000
```

28.5 ni nusu ya kipenyo, 57 ni kipenyo, na 85 ni urefu. Badilisha hizo tatu kwa pipa lako. Sehemu ya ACOS inatafuta pembe, na Excel inaitoa kwa radiani kama fomula inavyotaka. Ukitumia kikokotoo cha simu kilichowekwa kwa nyuzi, utaona jibu la maelfu ya lita ndani ya pipa moja. Ukiona hivyo kibadilishe kwenda radiani.

Kwa kimo cha 18, jibu ni lita 58.8. Aliyegawa kwa uwiano, 18 kwa 57 mara 217, angepata lita 68 na zaidi.

Hata hizo 58.8 si zote za kuchoma. Koki yetu imefungwa kwenye kile kitundu kidogo cha kichwani, na mdomo wake uko sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa. Weka 5 kwenye fomula hiyo hiyo, unapata lita 9.3. Hizo hazitoki, na mimi sitaki zitoke, kwa sababu chini kabisa ndipo panapokaa maji. Hewa yetu ina unyevu, usiku bati linapoa, matone yanajikusanya ndani na kushuka chini ya dizeli. Zinazotumika basi ni lita 49 na zaidi kidogo. Jenereta letu linakula lita 2.5 kwa saa, kwa hiyo ni karibu saa 20 za kazi. Tukiliwasha saa 6 kila usiku, ni usiku 3. Anayehesabu lita 68 anajiona ana saa 27, zaidi ya usiku 4, na usiku wa nne pweza wanayeyuka.

Nilimpigia kijana nikamwambia akanunue kabla ya Ijumaa. "Lakini kaka, nikiligonga pipa naona bado limejaa chini," akanijibu. Ana haki kusema hivyo, sauti ya pipa inaonyesha mafuta yameishia wapi, ila haisemi ni lita ngapi.

Kwa hiyo pipa lilipokauka na tukaliosha, tulilijaribu mbele ya macho yake. Alipima dumu la lita 20 kituoni kwenye pampu, si kwa kulijaza hadi mdomoni, maana dumu likijaa linapita 20. Dumu la kwanza lilipanda hadi 8.4, la pili 13.7, la tatu 18.3. Dumu la kwanza limeinua zaidi ya sentimita 8, la tatu hata 5 halikufika, na mafuta ni yale yale lita 20. Fomula ilikuwa imetoa namba hizo hizo kabla hatujamimina. Baada ya hapo hakuuliza tena habari ya robo.

Ukutani juu ya pipa sasa kuna karatasi, kwa ajili ya siku ambayo mtandao haupatikani: kimo cha 5 ni lita 9, cha 10 ni 26, cha 15 ni 46, cha 20 ni 68, cha 25 ni 92. Mafuta yakipita nusu ya pipa haina haja ya namba nyengine. Pima nafasi tupu ya juu, isome kwenye karatasi hiyo hiyo, kisha itoe kwenye 217. Ufito ukionyesha 42, juu pametupu sentimita 15, ambayo ni lita 46, kwa hiyo ndani zimo 171. Pipa likipata bonde kubwa ubavuni, au tukibadilisha pipa, karatasi hiyo inabandukwa na tunaanza upya na madumu.