Barua yangu ya utarajali ilivyokwama masjala, na nilivyoiandika upya

Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya halmashauri moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimehitimu stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na nilitaka nafasi ya utarajali wa miezi sita. Wiki tano zikapita kimya. Nilipokwenda kufuatilia, karani aliitafuta akaipata haraka tu: ilikuwa katika jalada la wanafunzi, ikisubiri barua ya utambulisho kutoka chuoni. Mimi chuo nilishamaliza, kwa hiyo barua hiyo isingekuja kamwe.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja. Barua niliichapishia steshenari ya Mbagala Rangi Tatu, na kijana wa pale alifungua barua ya mteja mwingine akabadilisha majina. Kichwa cha habari kikabaki kilekile: YAH: MAOMBI YA FILDI. Fildi, au mafunzo kwa vitendo, ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, na chuo ndicho kinachomtambulisha. Mhitimu anaomba utarajali. Karani hakukosea, alisoma nilichoandika.

Mtaani kwetu kuna mama aliyestaafu kazi ya masjala. Jioni ile nilibisha hodi kwake na nakala yangu mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umenuna?" Akavaa miwani, akaisoma barua hadi mwisho bila neno, kisha akanieleza kitu ambacho hata darasani sikukielewa vizuri hivyo: barua ya serikalini haianzi kusomwa na bosi. Kwanza hufika masjala, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inaandikishwa kwenye daftari, inatiwa kwenye jalada linaloendana na kichwa chake, ndipo jalada linapopelekwa kwa mkubwa aandike maelekezo. "Anayeamua barua yako iende wapi ni karani," alisema, "naye anatazama anwani na kichwa cha habari. Hana muda wa kukutafuta aya ya tatu."

Tukaiandika upya mezani kwake, kwa kalamu kwanza. Anwani yangu ilikaa juu kulia, na tarehe chini yake, mwezi ukiandikwa kwa neno. Sina sanduku la posta langu, kwa hiyo nilitumia la mzazi kwa ruhusa yake, nikaongeza namba ya simu. Anwani ya ofisi ikashuka upande wa kushoto. Hapo awali nilikuwa nimeandika "Kwa Afisa Utumishi", kwa sababu nilijua ndiye atakayenishughulikia. Mama alikataa. Barua huandikwa kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake, bila jina lake, na yeye ndiye anayeishusha kwa afisa. Kwenye manispaa mkuu huyo ni Mkurugenzi wa Manispaa. Wizarani ni Katibu Mkuu. Jina la mji hufunga anwani kwa herufi kubwa.

Salamu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nilikuwa nimeandika "Mpendwa Mheshimiwa Mkurugenzi", nikidhani heshima haizidi. Mama alikata maneno yote hayo akaandika "Ndugu," na mkato baada yake. "Mpendwa" ni wa barua ya shangazi. "Mheshimiwa" ni wa waziri, mbunge, diwani, mkuu wa mkoa au wa wilaya. Mkurugenzi ni mtendaji, naye ni Ndugu. Faida yake nyingine niliiona mwenyewe: Ndugu anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, kwa hiyo huhitaji kukisia kama ofisini kuna bwana au bibi. Wala hakuna "hujambo" wala "natumaini u mzima wa afya". Baada ya Ndugu kinafuata kichwa cha habari, kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari.

Kisha sentensi ya kwanza. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" imezoeleka sana, na barua haitatupwa kwa sababu yake. Ila isome tena: ni amri, unamwamuru mkurugenzi ahusike. Ukiitaka, anza na "Tafadhali". Mimi nilichagua kuingia moja kwa moja kwenye ombi. Mama alinionya pia kuhusu neno "rejea", kwamba lisitumike kama hakuna cha kurejewa. Kama ofisi ilitoa tangazo, unarejea tangazo hilo na tarehe yake. Kama uliandikiwa barua, unarejea barua hiyo na kumbukumbu namba yake. Mimi sikuwa na lolote kati ya hayo.

Kuanzia anwani ya ofisi kwenda chini, barua ilisomeka hivi:

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya ………,
S.L.P. ………,
DAR ES SALAAM.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA UTARAJALI KATIKA MASJALA

Naomba nafasi ya utarajali katika masjala ya ofisi yako kwa muda wa miezi sita, kuanzia tarehe utakayoona inafaa.

Nimehitimu stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nikiwa chuoni nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane, ambapo nilifungua majalada, niliandikisha barua zinazoingia na zinazotoka, na nilifuatilia mwendo wa majalada kati ya idara.

Nimeambatisha nakala za vyeti vyangu vya taaluma, cheti cha kuzaliwa na wasifu wangu. Nipo tayari kufika kwa usaili siku nitakayoitwa.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

(sahihi)

(majina matatu)

Viambatisho: 4

Aya ya umri wangu, mahali nilipozaliwa na hali ya ndoa tuliiondoa, maana wasifu na cheti vinaeleza. Badala yake tukaweka kazi nilizowahi kufanya kwa mikono yangu, ambazo barua ya kwanza haikuzigusa hata moja.

Sahihi inakaa kati ya "Wako mtiifu" na jina, kwa kalamu ya wino. Ya kwanza nilisahau kuisaini kabisa, na barua isiyo na sahihi haina mwenyewe. Majina yawe kama yalivyo kwenye vyeti, kwa mpangilio uleule. Mimi hupenda kuandika mawili tu, lakini vyeti vina matatu, na karani anayelinganisha majina asipewe sababu ya kusita.

Nilichapisha nakala mbili. Moja niliikabidhi masjala, ya pili nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nikarudi nayo nyumbani. Hiyo ndiyo niliyoshika nilipofuatilia baada ya wiki mbili. Safari hii sikuulizwa barua ya chuo. Karani alisoma tarehe ya muhuri, akafungua daftari, akaniambia jalada liko kwa afisa utumishi.

Majibu yalifika wiki iliyofuata. Juu kushoto palikuwa na Kumb. Na., na aya ya kwanza ilirejea barua yangu na tarehe yake. Nilikubaliwa kwa miezi mitatu badala ya sita, nikatakiwa kuthibitisha kwa maandishi. Usiku huohuo nikaandika barua ya kukubali, na sasa nilikuwa na cha kurejea: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. …"